Nikiacha kazi hii, nitaweza kuuza klorini kwa hoteli zilezile?

*Shikamoo shangazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, naishi Kisauni. Kwa miaka 6 nimekuwa nikiziuzia hoteli za Pwani dawa za usafi: klorini ya mabwawa ya kuogelea, sabuni ya kufulia mashuka, dawa za jikoni. Sasa kampuni kubwa zaidi imenipa barua ya kazi ya afisa mauzo, mshahara Sh85,000 kwa mwezi na komisheni juu yake. Nilifurahi mpaka nilipofika ukurasa wa nne. Kifungu cha 13 kinasema habari zote nitakazozipata kazini ni siri ya kampuni, milele. Cha 14 kinasema nikiondoka kwa sababu yoyote ile, kwa miezi 24 nisifanye kazi, nisimiliki wala nisishauri biashara yoyote inayoshindana na kampuni au kampuni dada zake, popote Afrika Mashariki. Cha 15 kinanikataza kumfuata mteja yeyote wa kampuni kwa miezi 12. Cha 16 kinasema nikivunja chochote katika hivyo nitalipa Sh1,000,000. Rafiki yangu aliyesomea sheria ananiambia vifungu hivyo havina nguvu mahakamani, nitie sahihi tu. Mume wangu anasema nisiiguse barua hiyo. Wanataka jibu Ijumaa.*

*Muuza Klorini, Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Usitie sahihi barua hiyo kama ilivyo, na wala usiikatae. Ijibu. Una siku chache, na zinatosha kabisa kuandika ukurasa mmoja ambao nitakuonyesha hapa chini. Lakini kwanza nikutoe kwenye maneno ya rafiki yako, maana hayo ndiyo yatakayokuumiza.

Hapa Kenya tuna Sheria ya Mikataba Inayozuia Biashara, Sura ya 24. Ni sheria fupi, unaweza kuimaliza kabla chai haijapoa. Inaanza kwa kusema kinyume cha alichokuambia rafiki yako: mkataba haubatiliki kwa sababu tu una kifungu cha kumzuia mtu kufanya kazi au biashara halali. Kisha inaipa mahakama uwezo wa kukibatilisha kifungu hicho ikiona hakina busara. Mahakama itaangalia aina ya kazi, muda wa zuio, eneo lake na mazingira yote, halafu ijiulize mambo mawili: je, kifungu kinamlinda mwajiri kupita kiasi anachostahili kulindwa? Na je, kinaudhuru umma? Maana yake ni kwamba kifungu kibaya hubaki kimesimama mpaka mtu akifikishe mbele ya jaji na kukiangusha. Rafiki yako anaitazama siku ya hukumu, akisahau miezi inayotangulia.

Katika mafaili ya ajira niliyoyashika miaka yote hii, ni machache sana ambamo kifungu cha kutoshindana kilifika hukumu. Kazi yake hukifanya kwa barua. Unaacha kazi, unaajiriwa kwingine, na wiki ya pili mwajiri wako mpya anapokea barua ya wakili wa yule wa zamani ikimwambia amemchukua mtu aliyefungwa na mkataba. Mwajiri mpya hana haja ya kujua kama kifungu kinashika au hakishiki. Anakuona wewe kama kesi inayokuja, na bado uko kwenye majaribio. Anakuambia kwa upole, "Nenda kwanza ukamalizane nao." Hapo umepoteza kazi bila jaji yeyote kusema neno.

Na wakienda mahakamani, hawasubiri kesi isikilizwe yote. Wanaomba zuio la muda. Mizani ya zuio hilo ni ile ya kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya mwaka 1973, ambayo kila wakili nchini anaijua kwa moyo: mwombaji aonyeshe kwamba ana kesi yenye dalili ya kushinda, aonyeshe kwamba atapata hasara ambayo fidia ya pesa haiwezi kuitibu, na mahakama ikibaki na shaka, ipime ni nani ataumia zaidi. Kama umeondoka na faili la wateja, sharti la pili limeanza kukuelemea. Kama umeondoka mikono mitupu, una la kusema.

Sasa swali la msingi: mwajiri anastahili kulindwa dhidi ya nini? Hastahili kulindwa dhidi ya ushindani wenyewe, na hapa ndipo watu wengi hukosea, wakiwemo maafisa wa rasilimali watu wanaonakili vifungu hivi kutoka mkataba wa mkurugenzi na kuvibandika kwenye barua ya afisa mauzo. Mwaka 1916 Baraza la Malodi la Uingereza liliamua kesi ya kampuni ya Herbert Morris, iliyotengeneza mashine za kuinulia mizigo. Ilitaka kumzuia mhandisi wake kufanya kazi ya aina hiyo kwa miaka 7 nchini kote. Ilishindwa. Ujuzi wa mtu, hata kama ameupatia kazini kwa mwajiri, ni mali yake mwenyewe. Mwajiri anaweza kulinda siri zake za biashara na uhusiano wake na wateja, basi. Kesi hizo za Uingereza haziwafungi majaji wetu, lakini huzisoma na kuziegemea, kwa kuwa lugha ya sheria yetu imetokana na fikra hiyohiyo.

Wewe unaingia na miaka 6 ya ujuzi. Unajua maji ya bwawa yakiwa na rangi ya kijani uulize nini, unajua mashuka yanatoka manjano kwa sababu gani. Hayo hukufundishwa nao, na hata watakayokuongezea hawawezi kukuvua mlangoni siku ya kutoka.

Hebu tukichukue kifungu cha 13, kile cha siri, kwa sababu ndicho ambacho watu hukiruka, nacho kina meno marefu. Nitakueleza kwa kesi mbili za biashara ndogo, ambazo mwenye kuuza kwa gari la mizigo atazielewa mara moja.

Ya kwanza ni Robb dhidi ya Green, ya mwaka 1895. Mwenye kesi alikuwa akiuza ndege wa kuwindwa na mayai yao. Meneja wake, kabla ya kuacha kazi, alinakili kwa siri majina na anwani za wateja kutoka kwenye kitabu cha oda, akafungua biashara yake na kuwaandikia. Mahakama iliamua kwamba amevunja uaminifu aliokuwa akidaiwa na mwajiri. Hapo hapakuhitajika kifungu chochote kilichoandikwa. Uaminifu huo umo ndani ya kila ajira.

Ya pili ni ya kampuni ya Faccenda Chicken, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 1986. Kampuni iliuza kuku wabichi kwa magari yenye friji. Meneja wake wa mauzo aliondoka, akaanzisha biashara ileile katika eneo lilelile, na wafanyakazi kadhaa wakamfuata. Kampuni ilidai kwamba ametumia siri zao: njia za magari, siku na saa za kupeleka mzigo, mahitaji ya kila mteja na bei anazotozwa. Kampuni ilishindwa. Habari hizo zilikuwa za kulindwa wakati yuko kazini, lakini akishaondoka zilikuwa zimegeuka sehemu ya ujuzi wake. Mkataba wake haukuwa na kifungu cha kumzuia baada ya kuondoka.

Ukiziweka kesi hizo pamoja utaona mstari unapopita. Katika kesi ya kuku, majaji walizigawa habari za kazini katika mafungu matatu, nami nayapeleka kwenye biashara yako. Fungu la kwanza ni yale ambayo kila mtu anaweza kuyajua: kwamba kampuni inauza klorini ya unga na ya vidonge, na kwamba hoteli fulani ya Bamburi ni mteja. Hiyo haikuwa siri hata siku moja. Fungu la pili ni yale unayoyajua kwa sababu umefanya kazi: kwamba meneja wa ununuzi wa hoteli fulani huagiza mzigo mkubwa mwezi wa 11 kabla ya wageni wa Krismasi, au kwamba mwingine hapendi kupigiwa simu asubuhi. Ukiwa kazini huruhusiwi kumpa mshindani habari hizo. Ukitoka, zimo kichwani mwako nawe unatoka na kichwa chako. Fungu la tatu ni siri hasa: kipimo wanachochanganyia sabuni yao wenyewe, bei wanayonunulia kwa mtengenezaji na punguzo wanalopewa, bei waliyoandika kwenye zabuni ambayo haijafunguliwa. Hizo unabaki nazo kifuani hata baada ya miaka, na hata kama barua isingesema lolote.

Kifungu chako kinayasukuma mafungu yote matatu kwenye gunia moja na kulifunga milele. Umilele kwa fungu la tatu ni haki yao, mradi siri ibaki kuwa siri. Kwa lile la pili hawana haki hiyo, na hapo ndipo pa kuomba marekebisho. Usiache pia kuangalia kama kifungu kinakuachia nafasi ya kutoa habari pale sheria inapokutaka utoe, kwa mfano mahakamani au unaporipoti hongo. Sheria ya Hongo ya 2016 inawalinda wanaoripoti, na maneno ya mkataba hayawezi kuuondoa ulinzi huo, lakini ni vizuri yaandikwe ili asiwepo wa kukutisha.

Kifungu cha 14 kina matatizo matatu. Eneo ni la kwanza. Wewe unauzia hoteli za Pwani. Wana haki gani ya kukuzuia kuuza sabuni Kampala au Mwanza, ambako hukuwahi kumjua mteja wao hata mmoja? La pili ni maneno "kampuni dada zake". Uliza ni zipi na zinafanya nini. Kama mojawapo inauza matairi, basi kwa maandishi hayo duka la matairi nalo limefungwa kwako. La tatu ni muda. Kuwazuia wateja wasikufuate mpaka afisa mpya ajijenge kwao huchukua miezi, na kwa hoteli zinazoagiza kila mwezi ni vigumu kueleza kwa nini ihitajike miezi 24. Piga hesabu: miezi 24 kwa Sh85,000 ni Sh2,040,000 ambazo unaombwa uache kuzichuma katika kazi unayoijua, na barua haikulipi hata senti kwa kukaa huko nje. Sheria yetu haiwalazimishi kukulipa, lakini ni hoja nzito ya mezani.

Usijipe moyo kwamba kifungu kikiwa kipana sana basi ni salama kwako kwa kuwa kitaanguka. Ni kweli kwamba kwa kawaida mahakama haitamwandikia mwajiri kifungu kipya chenye busara. Inaweza kufuta maneno yanayofutika, na kama kinachobaki hakisimami, kifungu kizima huenda. Lakini nimekwisha kukueleza jinsi kifungu kinavyouma kabla hakijafika huko.

Kuna jambo moja katika Sura ya 24 ambalo wafanyakazi wengi hawalijui. Kama mwajiri ndiye aliyekuachisha kazi kinyume na masharti ya mkataba, zuio la baada ya kazi linabatilika. Wakikufukuza leo bila notisi iliyomo kwenye barua na bila kukulipa badala yake, maneno "kwa sababu yoyote ile" hayawasaidii. Kwa hiyo siku hiyo ikija, tunza barua ya kuachishwa, hati za mshahara na kila ujumbe. Usitie sahihi karatasi ya kukiri kwamba mmeachana kwa maelewano kama hamkuelewana.

Kifungu cha 15 ndicho ninachokichukulia kwa uzito zaidi, kwa sababu ndicho kinachoweza kushika. Miezi 12, wateja peke yao, bila kukukataza kufanya kazi yako: jaji anaweza kuona ni haki. Na kwako kina mtego ambao haumo kwa mtu mwingine. Utaingia na hoteli zako. Mwaka mmoja baadaye zitakuwa kwenye vitabu vya kampuni, na siku ukiondoka zitaitwa wateja wa kampuni, hata ile iliyoanza kununua kwako miaka 6 iliyopita. Dawa yake ni orodha. Andika leo majina ya hoteli na migahawa unayoihudumia sasa, pamoja na mwaka ulioanza na kila moja, uiambatishe kwenye barua ya kazi, nanyi wawili mtie sahihi kwamba kifungu cha 15 hakiwahusu waliomo humo. Lakini kabla hujafanya hivyo, toa mkataba wa kazi unayoiacha uusome. Huenda nao una kifungu cha namna hii, na orodha hiyo ikawa ushahidi dhidi yako mahali pengine. Kama ulikuwa umeajiriwa, andika tu wale uliowapata kwa mkono wako nje ya mwajiri huyo.

Kuhusu ile milioni ya kifungu cha 16, mahakama huuliza kama kiasi kilikuwa makadirio ya kweli ya hasara au ni fimbo ya kutishia. Kiasi kimoja kwa kosa lolote, liwe dogo au kubwa, hunuka adhabu, nayo adhabu haitekelezwi. Omba kiondolewe. Wakiumizwa kweli, njia ya kudai fidia kwa kuthibitisha hasara ipo wazi.

Basi waandikie kabla ya Ijumaa. Shukuru kwa nafasi, sema unaitaka kazi, kisha uandike mapendekezo yako kwa maneno kamili, si malalamiko. Mtu wa rasilimali watu hawezi kupeleka malalamiko kwa bosi wake, lakini sentensi iliyo tayari anaweza. Haya ni maneno ambayo ningeyaandika mimi, nawe uyaweke katika lugha ya barua yao:

"Kifungu cha 13: Baada ya ajira kwisha, mwajiriwa hatatoa wala kutumia siri za biashara za kampuni, yaani michanganyiko, bei za ununuzi, na zabuni ambazo hazijafunguliwa. Sharti hili halihusu ujuzi wa jumla wa mwajiriwa, wala habari ambazo sheria inamtaka azitoe. Kifungu cha 14: Zuio litadumu miezi 6, katika kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi, kwa bidhaa ambazo mwajiriwa aliziuza katika miezi 12 ya mwisho, halitatumika ajira ikiisha ndani ya kipindi cha majaribio au kampuni ikipunguza wafanyakazi. Kifungu cha 15: Zuio linahusu wateja ambao mwajiriwa alishughulika nao mwenyewe katika miezi 12 ya mwisho, isipokuwa waliotajwa katika Orodha A."

Hawatakubali yote. Ukilazimika kuchagua, pigania Orodha A na maneno ya majaribio, maana ya kwanza inalinda ulichokuja nacho na ya pili inazuia usifungwe miezi kadhaa kwa kazi uliyoifanya wiki nane. Wakikubali kwa simu, omba barua irekebishwe. Neno la kwenye simu halimo kwenye ukurasa wa nne.

Halafu fanya jambo moja siku ya kwanza ya kazi: nunua laini nyingine ya simu, au waombe wao wakupe. Wateja wa kampuni wawe kwenye laini hiyo na kwenye WhatsApp yake, wako wabaki kwenye yako. Siku ya kuondoka utaikabidhi laini ya kampuni pamoja na kompyuta, na kuandikiwa umekabidhi nini. Usijitumie kwa barua pepe orodha ya bei wala jedwali la wateja, hata kwa nia ya kumbukumbu tu. Barua pepe hizo zina tarehe na saa, ndizo wanazozitafuta kwanza, na zikipatikana katika wiki yako ya mwisho umejigeuza yule meneja wa mayai. Juu ya hayo, namba za simu za watu zilizokusanywa na kampuni ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo kuzibeba kunaweza kukuletea kesi ambayo haihusiani kabisa na mkataba wa kazi.

Wakirudisha barua ikiwa haijabadilika hata nukta, na majibu yao ni kwamba hii ni fomu ya kila mtu, nitumie nakala yake uliyofuta majina, pamoja na ule mkataba wa kazi unayoiacha. Nitataka kuisoma mikataba yote miwili kabla sijakuambia ukubali au uache.